Baba Hakuwa na Ufunguo

Nilimpelekea mwalimu kurasa nyingi kuhusu baba, nikitegemea sifa. Tulikuwa watu wanne tuliokutana kila Jumamosi asubuhi katika chumba kimoja cha chuo kikuu, kule Chimwaga, kujifunza kuandika insha za maisha yetu. Mwalimu alikuwa mhadhiri mstaafu, mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu walitaka niwasomee kitu kwenye ibada ya kumkumbuka. Nilitaka walie. Sifichi, nilitaka pia wanisifu.

"Kumbukumbu zako nzuri," mwalimu alisema, "lakini umezirundika tu. Unauliza nini humu?"

"Baba yangu alikuwa mtu wa namna gani."

"Pana mno, binti yangu. Kila kitu kitaingia. Tafuta swali dogo, ambalo ukiliuliza nusu ya kurasa hizi zinakosa kazi. Na jibu lake usiwe nalo. Ukiwa nalo, utakuwa unahutubia."

Nilinuna. Nusu ipi, hebu? Samaki wa bwawa la Mtera aliotuletea? Baiskeli? Sauti yake kwenye kwaya?

Akaniambia nisome kwa sauti sehemu ninayoipenda. Nikasoma ile ya msimu wa zabibu. Mama alikuwa kibarua wa kukata zabibu mashambani Makutupora, na kila asubuhi alinifungia ndani kwa kufuli, pamoja na uji na karanga zangu. Mchana baba alikuja, akakaa nje chini ya dirisha, akanipitishia biskuti kati ya nondo na kunisimulia habari za fisi mpaka mama aliporudi. Niliiandika kama kitu kitamu kuliko vyote vya utoto wangu.

Dada mmoja wa darasa letu, mtumishi wa Bunge, ambaye kwa kawaida hata kukohoa aliomba ruhusa, aliuliza, "Kwa nini hakuingia?"

"Mlango ulikuwa na kufuli."

"Si kwake?"

"Kwake."

"Sasa ufunguo hakuwa nao?"

Nilirudi kwenye ukurasa kuutafuta ufunguo, haukuwepo. Mwalimu alivuta kurasa zangu akaandika juu kabisa: Kwa nini baba hakuwa na ufunguo wa nyumba yake? "Zisome upya kwa swali hili," alisema. "Lisilolihusu, toa."

Nilifanya hivyo nyumbani. Samaki wakatoka, baiskeli ikatoka, na kwaya niliitoa huku nikiumia. Lakini mambo madogo niliyoyaweka kama mapambo tu yalikataa kutoka. Mama akiniogesha ndani, mlango umekomewa, hata jua likiwaka. Mama akinilaza upande wa ukutani, yeye katikati, baba mwisho. Siku mama aliporudi mapema, akamkuta baba pale dirishani amenishika mkono, akatupa beseni na kuja mbio, na baba akacheka. Kila moja peke yake halikuwa na neno. Yalipokaa pamoja chini ya swali lile nilimwona mama kila mahali amesimama kati yangu na baba, nikaogopa, nikazifunika kurasa. Nikajiambia labda baba alikuwa mtu wa kupoteza funguo. Watu hupoteza funguo.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mwalimu swali jingine.

"Yapo mengi," alisema. "Ila umekuja kuomba jingine kwa sababu hili linakuogopesha, si kwa sababu ni baya."

"Lazima nimuulize mama?"

"Si lazima. Insha inaweza kuisha haina jibu. Isijifanye tu kwamba hakuna wa kuulizwa."

Nilimchukia siku nzima. Baba alikuwa kitu kizuri nilichobaki nacho, na mzee huyu alitaka nikakiweke mezani mbele ya mama. Nikiuliza na jibu likawa lile nililoliogopa, ningemzika baba mara ya pili, na safari hii bila waombolezaji.

Jumapili baada ya kutoka kanisani nilikwenda Makutupora. Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikakaa mkekani, nikachambua naye, nikazungumzia upepo, nikazungumzia bei ya mahindi. Nikawa natupa maharage mazima pamoja na mawe. Mwishowe nikasema, bila kumtazama, "Mama, kwa nini baba hakuwa na ufunguo wa nyumba?"

Nilimsubiri acheke. Nilimwomba Mungu acheke.

Hakuuliza ufunguo gani, wala nyumba ipi, wala nani kanituma. Aliuweka ungo chini.

"Alikuwa nao," alisema. "Nikabadilisha kufuli."