Nyumba ya Mchumba Ilivyoonekana Kutoka Juu

Kwetu Mbozi, binti haondoki nyumbani mpaka wazee wake wamekwenda kuona mji wa mchumba wake, yaani nyumba na shamba la kwao. Wanakwenda wawili au watatu, wanapewa ugali, wanajifanya wanazungumzia mvua, huku macho yanahesabu mabati na kupima upana wa shamba. Wakirudi wanatoa taarifa. Shangazi yangu alikuwa bingwa wa taarifa hizo. Aliwahi kuvunja posa ya binamu yangu kwa sababu choo cha kwa mchumba kilikuwa na mlango wa gunia.

Mdogo wangu alipoposwa, mvua ilikuwa imekata barabara ya kushuka Isongole. Kijana aliyemposa alikuwa na duka la vipuri Tunduma, lakini kwao ni bondeni huko chini, kando ya mto Songwe, ambako ng'ambo ni Malawi. Baba alisema barua ya posa haitajibiwa mpaka mji uonekane. Mdogo wangu akanuna wiki nzima. Ndipo mshenga, msafirishaji mmoja wa Tunduma mwenye tumbo la heshima na mdomo usiochoka, akaja na picha iliyosafishwa studio.

Picha ilipigwa kutoka mlimani. Ilionyesha bonde lote: barabara ya vumbi iliyokunja kama kiwiko, kanisa, shule, miti mitatu mikubwa ya mikuyu, na nyuma yake mto. Katikati palikuwa na paa refu la bati linalong'aa. Mshenga aliweka kidole chake kinene juu ya paa hilo.

"Hapa ndipo binti yenu atakapolala," akasema, akasifia kivuli cha mikuyu na kinjia cha mtoni kinachopita mlangoni.

Shangazi alitazama paa, akamtazama mshenga, kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa mrasimu, mchora ramani katika ofisi ya ardhi ya wilaya, na kwa muda mrefu familia haikuelewa nalipwa kwa kazi gani.

"Wewe si unasema mna mashine inayoona dunia kutoka juu?" akasema. "Basi nenda ukaone mji. Miguu yako haitaingia tope."

Watu walicheka, ila Baba hakucheka. Alisema kama picha ni ya kweli atajibu barua, na kama ni ya uongo, kijana atafute kwingine. Mdogo wangu alinifuata hadi kituo cha basi. Alishika mkoba wangu kana kwamba mimi ndiye ninayeolewa. Nilimwonea huruma, na nilijiona mtu muhimu sana.

Jumatatu nilifungua kompyuta ya ofisi. Intaneti yetu ya siku zile ilileta picha ya setilaiti vipande vipande, kama mtu anayeezeka nyumba kwa bati za kuazima. Niligeuza picha hiyo juu chini, kusini ikawa juu, kwa sababu aliyepiga ile ya studio alikuwa ametazama kusini, mto ukiwa mbele yake. Ukiiacha kaskazini juu, kilichoko kulia kwenye picha utakitafuta kulia na hutakiona, maana kiko kushoto.

Kisha nikaanza na mto. Ulikuwa ndio kitu kikubwa kuliko vyote pichani, tena wenye umbo: ulijikunja kuja upande wetu, ukakaribia kugusa mizizi ya mikuyu, ukarudi zake Malawi. Nilifuata Songwe kona kwa kona nikitafuta mkunjo wa namna ile. Nilipata mmoja uliofanana kabisa, lakini hapakuwa na kanisa wala barabara, ni matete tu. Nikapata mwingine, huo ulikuwa na barabara iliyonyooka kama rula. Hadi saa ya chakula nilikuwa nimepita bonde lote na mji wa shemeji yangu mtarajiwa haukuwepo duniani.

Nilikasirika. Nilimwona mshenga akicheka na tumbo lake, nikamwona mdogo wangu akidanganywa mchana kweupe. Nilikuwa nimekwishapanga maneno ya kumwambia Baba, mazuri kabisa, yenye uchungu na hekima.

Mpima wetu wa ardhi, aliyekuwa akila wali maharage kwenye meza ya pili, alikuja kusimama nyuma yangu na sahani yake. Alikuwa ameweka mawe ya mipaka bondeni kule kwa miaka mingi.

"Unaanzia wapi?" akauliza.

"Mtoni."

Alitafuna kwanza. "Mto ule hauna adabu, mama. Kila masika unahama kitanda. Picha ya setilaiti ni ya mwaka gani?"

Tarehe ilikuwa imeandikwa pale chini ya kioo, nami sikuwa nimeisoma. Ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Picha ya mshenga ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Anza na vitu vya saruji," akasema, akarudi kwenye maharage yake. Jioni ofisi nzima ilijua kwamba natafuta mume wa mdogo wangu kwa setilaiti, na mhasibu akaniomba nikimaliza nimtafutie na yeye.

Kesho yake niliusahau mto. Kutoka juu jengo halina ukuta wala mlango, lina umbo la paa tu. Kanisa la pichani lilikuwa na mabawa mawili, kwa hiyo juu lingeonekana msalaba. Shule ilikuwa na majengo mawili marefu yaliyokutana kama pembe ya meza. Barabara ilikuwa na kiwiko, na kwenye kiwiko kilichipuka kinjia cha kwenda mtoni. Nilitafuta vyote vikiwa pamoja na kwa mpangilio uleule, kwa sababu msalaba mmoja wa bati unaweza kuukuta popote. Nilivipata kabla ya chai. Kiwiko, kinjia, pembe ya meza, msalaba, na ile mikuyu mitatu, madoa meusi matatu yaliyopangana. Kijana hakudanganya kuhusu mahali. Nilipiga meza kwa furaha hadi kalamu zikaanguka.

Ili niwe na hakika nilichora mistari miwili. Kwenye picha ya mshenga, pembe ya shule ilionekana moja kwa moja nyuma ya bawa la kanisa, na ukingo wa lile paa refu moja kwa moja nyuma ya kiwiko cha barabara. Nikavuta mistari hiyo hiyo juu ya picha ya setilaiti, ikaja ikakatana kwenye mwinuko, mahali pa wazi ambapo mtu angeweza kusimama na kamera. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Isipokuwa lile paa refu. Nilipolipima kwa rula ya kompyuta lilizidi mabasi mawili yaliyofuatana. Mpima alilitazama mara moja tu.

"Hili ni ghala la ushirika. Binti yenu atalala na magunia ya mahindi."

Mji wa kijana, kwa maelezo yote ya mshenga kuhusu mikuyu na kinjia, ulikuwa kibati kidogo pembeni, karibu na mto. Nilicheka peke yangu. Halafu nikakitazama tena kile kibati, na kicheko kikaisha.

Kwenye picha ya setilaiti, kati ya mikuyu na mto palikuwa na shamba. Shamba zima, na matuta yake. Nikarudisha picha ya zamani zaidi iliyokuwepo, na humo shamba lilikuwa pana zaidi. Kwenye picha ya mwezi uliopita hapakuwa na shamba lolote. Mkunjo wa mto, ule nilioutafuta siku nzima bila kuuona, ulikuwa unakuja, na kibati kilikuwa njiani.

Jumamosi nilifika nyumbani na karatasi zangu tatu. Baba, Shangazi, mshenga na mdogo wangu walikuwa sebuleni. Kijana naye alikuja, amevaa shati jeupe, akakaa karibu na mlango kama mtu wa kuitwa shahidi. Nilianza na ghala. Shangazi alifurahi kuliko siku zote nilizomwona.

"Kazi ya mshenga ni kupamba, mama," mshenga akajitetea bila aibu. "Ukimtuma asiyepamba, mabinti watazeekea nyumbani." Akanitazama mimi. Hata Baba alicheka.

"Mimi nilimwambia mdogo wako nina vyumba viwili," kijana akasema taratibu. Mdogo wangu akatikisa kichwa kukubali. Alijua tangu mwanzo, na vyumba viwili vilimtosha.

Kisha nikapanga karatasi mezani kwa miaka yake. Nikawaonyesha shule haikusogea, kanisa halikusogea, kiwiko cha barabara hakikusogea. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa mto, mara tatu. Baba ni mkulima wa kahawa na hajawahi kugusa kompyuta, lakini alielewa kabla sijamaliza.

"Ujenge upande wa juu wa barabara," akamwambia kijana.

"Mzee, mto huu naujua tangu utoto. Pale ndipo baba yangu alipotuzaa. Udongo wake unatoa mahindi hata kiangazi."

"Lima chini. Lala juu."

Kijana aliinama. Niliona anaona aibu, na niliona pia kwamba hatakubali, kwa sababu mwanamume hahamishwi kwa baba yake na karatasi za shemeji. Baba alikuwa anafungua mdomo kukataa posa. Mdogo wangu akasimama. Alichukua karatasi ya mwisho, akaiweka juu ya magoti ya yule kijana.

"Nakutaka," akasema mbele ya wote, na Shangazi akashika kifua. "Lakini hapo siji."

Kijana alijenga upande wa juu wa barabara. Ilimchukua mwaka na zaidi, matofali ya kuchoma, vyumba viwili vilevile. Harusi ikafuata. Mshenga alipamba hadi siku ya mwisho, akawaambia wageni nyumba ina vyumba vitano.

Miaka michache baadaye, nikiwa natafuta mpaka wa shamba la mtu mwingine, kompyuta iliniletea picha mpya ya bonde lile. Nilipata kiwiko cha barabara na msalaba wa kanisa. Mikuyu haikuwepo hata mmoja. Mahali pa kibati palikuwa na maji, ya kahawia, mapana, yakipita kana kwamba ndiyo njia yao ya siku zote. Upande wa juu wa barabara kulikuwa na paa dogo. Nililia pale ofisini, na mpima akajifanya anatafuta faili.

Nilimpigia mdogo wangu. Nyuma yake mtoto alikuwa analia na sufuria zinagongana.

"Unanichungulia tena huko juu?" akauliza.

"Nakuchungulia."

"Unaona nini?"

"Naona bati lako tu."

"Basi," akasema, "mimi niko chini yake." Akaniambia nisubiri kidogo, anamtoa mtoto jikoni.