Mbuzi Mmoja wa Barua ya Shukrani

Rwamba, mama yake Joyline, ana mdomo, hilo Siakago nzima inalijua. Lakini ana mwandiko mzuri pia, na ndiyo sababu kikundi chao cha wafugaji kilimfanya katibu, mdomo wakauvumilia.

Barua ya safari hii ilikuwa ya Hinda, mfanyabiashara wa Meru mjini aliyewachangia pesa za mbuzi kumi na wawili, dawa ya kupe na lori la kuwatoa soko la Ishiara. Hakutaka makuu. Washukuru, waeleze pesa zilivyotumika, waambatishe risiti, wataje kila mbuzi kwa namba ya hereni yake ya sikioni, kisha mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi. Akiridhika, atatoa awamu ya pili kwa wanachama ambao hawajapata.

Risiti zilikuwapo zote. Mbuzi ndio walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alikuwa ameliwa, na alikuwa wa Rwamba.

Mlaumu Ngari, mwenyekiti. Huyo mzee akiona mgeni, mkono unamwasha kutafuta kisu. Hinda alipomtuma afisa wake, kijana Shueib, kuja kukagua, Shueib aliwahesabu mbuzi wote, akawakuta sawa. Ngari akaona aibu mgeni wa maana hivyo aondoke na chai kavu. Boma la Rwamba ndilo lililokuwa karibu, na mwenyewe alikuwa jikoni akisukuma chapati. Ngari akamtoa mbuzi hereni, akamleta kama wake. Shueib, kwa kuwa ni Mwislamu, akaomba achinje mwenyewe, akachinja, akala, akashukuru. Rwamba alijua alipokiona kichwa kwenye sufuria ya supu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakumjua Ngari.

Sasa wameketi kwa Rwamba, barua mezani.

"Andika amekufa kwa mapafu," Ngari alisema.

"Mbuzi akifa lazima kuwe na barua ya daktari wa mifugo."

"Nitamtafuta daktari."

"Na katiba yetu inasema aliyefisha mbuzi hapewi mwingine. Nile hasara, na bado niitwe mzembe?"

"Jitolee kidogo, Mama Joyline. Ni kwa ajili ya kikundi."

Hapo Rwamba alikasirika. Mbuzi yule alikuwa na mimba. Mtoto wake wa kwanza angekwenda kwa mwanachama mwingine, kama ilivyo kanuni, lakini maziwa yangebaki kwake, na wa pili pia. Kujitolea! Mzee aliyekula mbavu nzima peke yake anamfundisha mwenzake kujitolea.

"Sawa, mzee," alisema. "Nitaandika aliugua wiki ileile ya ukaguzi. Shueib akisoma atajiuliza tulimlisha nyama gani. Yeye ndiye aliyechinja. Utamwambia ulimpa mgonjwa achinje, au utamwambia tulikula mzoga wote pamoja?"

Eunice, mweka hazina, mama mpole ambaye hajawahi kubishana na mtu, aliiweka kalamu yake chini.

"Ya mapafu mimi siitii sahihi," alisema.

Basi Rwamba akaandika. Alishukuru kwanza, akaeleza pesa za mbuzi, za dawa na za lori, na salio lililobaki benki. Kisha: "Mbuzi mmoja alichinjwa siku ya ukaguzi. Hakuwa kwenye bajeti na hatukuomba ruhusa. Afisa wako alikula pamoja nasi bila kujua ni mali yako. Sisi wengine tulijua. Tutachanga tumrudishe." Ngari alitia sahihi akiguna, herufi ndogo kana kwamba anajificha.

Siku chache baadaye Shueib alipiga simu.

"Mama, kwa hiyo nilichinja mali ya tajiri wangu?"

"Ndiyo, mwanangu. Na ulichinja vizuri."

Rwamba akaona awamu ya pili inakwenda na maji. Kisha Shueib akasema Hinda amesoma barua, amecheka, halafu hakucheka. Awamu ya pili itakuja, lakini kwanza waliokula walipe mbuzi, na mgao wa kwanza ametozwa yeye Shueib.

Wakalipa. Ngari alilipa mara mbili ya wenzake, kwa kura ya wanachama, na kura haikuwa ya siri. Shueib mwenyewe alimleta mbuzi, akamtoboa sikio na kumvisha hereni mbele ya watu, akampa Rwamba kamba. Rwamba alimpapasa mnyama tumbo, akakuta naye ana mimba. Akaenda kuleta chai.

Shueib aliitazama, hakuigusa.

"Sukari hii," aliuliza taratibu, "imetoka fungu gani?"

"La mume wangu," Rwamba alisema. "Kunywa, mwanangu. Yule hana mfadhili."