Mkia wa Kiungo

Medina hakuwa na ugomvi na mtu mpaka Shafiki alipoanza kusifiwa. Wote wawili walitangaza asali ya ushirika, yeye mjini Arua, Shafiki mjini Koboko. Kila mmoja alipewa kiungo chake cha tovuti, chenye alama mkiani: arua au koboko. Ripoti ya wageni wa tovuti ilisoma alama hiyo tu.

Jumatatu ripoti ilisema: Koboko wageni mia tisa, Arua thelathini. Miezi mitatu mfululizo Koboko inaongoza! Medina akaona wivu. Na huyo Shafiki, mtu wa kulala mchana dukani!

"Anadanganya," akamwambia Ritah, msimamizi wao. "Mimi ninatuma tangazo kwenye vikundi ishirini: vya harusi, vya msikiti, vya mama wa soko. Viko hapa, angalia mwenyewe!"

Akamsukumia simu. Ritah akapitia kikundi cha kwanza, cha pili, cha tano. Kila mahali palikuwa na tangazo lile lile, picha nzuri ya masega, na chini yake kiungo kilichoishia na koboko.

"Tangazo hili ulilitoa wapi?"

Shafiki ndiye aliyelitunga. Medina, kwa kuwa lilimpendeza, alilisambaza kama lilivyo, pamoja na kiungo chake.

"Kwa hiyo hao mia tisa..." Medina akaanza.

"Wengi ni wako," Ritah akasema. "Na ripoti za nyuma hazirekebishiki."

Simu ikalia mkononi mwa Ritah. Ujumbe wa Shafiki: "Dada Medina, nimetunga lingine. Nikutumie?"