Ukurutu Kwenye Kitenge cha Marehemu

Panya akiozea nyuma ya kabati, Nyuzi humshika mkia kwa vidole viwili, akamtupa jalalani, akanawa, akaendelea na chai yake. Kitu kilichomtia kichefuchefu cha kweli ni kitenge kinachong'aa pichani rangi ambazo hakina. Mistari ya kijani na waridi inayotambaa kifuani mwa mtu, kama utando wa mafuta kwenye maji ya mfereji. Aliiita ukurutu. "Huyu ameshikwa na ukurutu," angesema mbele ya kompyuta, uso umekunjamana kama aliyelamba shubiri.

Jina la Nyuzi alipewa na wateja. Kabla hujakaa kwenye stuli atakushika mkono wa gauni, ainame mpaka pua iguse, kama anayehesabu nyuzi. Alikuwa anatafuta vistari na vidoto vidogo vinavyojaza nafasi kati ya maua makubwa. Maua hayana shida. Shida ni vistari.

"Kamera nayo ina vidoto vyake vya kunasa mwanga, vimepangwa safu," aliwaeleza waliouliza. "Chukua vyandarua viwili, ulaze kimoja juu ya kingine. Si unaona mawimbi? Hayamo kwenye hiki wala kile. Yametokea kwa sababu safu zimekaribiana ukubwa, zinagombana."

Dawa yake ilikuwa rahisi ila inataka subira. Sogea mbele hatua moja, au mgeuze mtu bega kidogo, piga, kisha ikuze picha mpaka uone nguo yenyewe. Kioo kidogo cha mgongoni mwa kamera usikiamini. Mara kinaonyesha mawimbi yasiyokuwepo, mara kinaficha yaliyopo.

Studio ya picha ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Nyuzi alifanya kazi chumba cha nyuma miaka kumi na mmoja. Hapakuwa na dirisha. Pazia la kupigia picha lilinuka miguu, na kwenye rafu palikuwa na kitana kimoja cha wateja wote, kimejaa nywele za watu wasiojuana, pamoja na sifongo ya poda iliyogeuka kahawia kwa majasho. Nyuzi alikwisha kuvitupa mara mbili. Shemeji aliviokota mara mbili.

Jumamosi moja Nyuzi alikwenda kung'oa jino. Siku hiyo ndipo alipokuja bibi muuza maharage, amevaa gauni la kitenge cha zambarau. Lilikuwa gauni la mwisho aliloshonewa na binti yake, fundi cherehani, kabla binti hajafariki.

"Nipige vizuri, baba," alimwambia Chapuchapu. "Nguo hii naipeleka ikafumuliwe. Wajukuu wawili watashonewa vigauni, kila mmoja abaki na kipande cha mama yake. Mimi nibaki na picha."

Chapuchapu alipiga kumi na mbili kabla bibi hajamaliza kupumua. Akatazama kile kioo kidogo. "Safi kabisa! Kakate, bibi."

Bibi akaenda moja kwa moja kwa fundi.

Jumatatu asubuhi Nyuzi aliingia shavu limevimba. Kama kawaida yake, kabla ya kugusa lolote alinakili kadi nzima ya kamera kwenye diski yake, zilizofaa na zilizoharibika, akaandika tarehe daftarini. Kisha akazifungua. Kutoka kola mpaka magotini bibi alikuwa ukurutu mtupu. Nyuzi alisogeza kiti nyuma.

"Shemeji, mwite bibi arudi."

"Arudi na nini? Nguo imeshakatwa." Chapuchapu alicheka. "Usiniharibie siku. Kuna brashi ya kompyuta ya kufuta hayo."

"Hiyo brashi ukiisukuma inakula na rangi ya nguo."

"Nani anahesabu? Wewe na pua yako tu."

Nyuzi alirudi kliniki kusafishwa kidonda. Aliporudi alikuta picha imeshachapishwa, imetiwa fremu. Chapuchapu alikuwa ameipaka ile brashi nguo nzima kwa nguvu zote, zambarau ikawa majivu. Alipoona rangi imekufa, akakata maua ya kitenge kwenye picha ya bibi harusi wa wiki iliyopita, akayabandika juu. Mashavu nayo ameyalainisha mpaka yamekuwa kama sabuni iliyolowa.

Bibi alikuwa ameishika pale kaunta.

"Huyu ni mimi," alisema. "Nguo ni ya nani?"

"Ni yako, bibi! Mwanga tu."

"Baba, mimi nauza maharage. Mtu hawezi kuniwekea choroko akaniambia ni mwanga."

Aliiacha fremu kaunta, akatoka. Nyuzi alihisi mate machungu yanamjaa mdomoni, na safari hii halikuwa jino. Alimfuata mpaka barazani.

"Mama, kuna vipande vilivyobaki kwa fundi?"

"Vijitambaa tu."

"Niletee hata kimoja."

Bibi alikileta jioni hiyo hiyo, na Nyuzi akajifungia. Alizipitia zote kumi na mbili. Chapuchapu alikuwa amekwisha kuifuta picha ya kwanza kwenye kompyuta, kwa sababu kamera ililenga pazia la nyuma badala ya mtu, na bibi akatoka na ukungu. Kwenye diski ya Nyuzi ilikuwepo. Aliikuza. Ukungu huo ulikuwa umevilainisha vistari kabla havijafika kugombana na vidoto vya kamera. Hakikuonekana hata kistari kimoja, lakini zambarau ilikuwa zambarau. Ya pili ilifuata papo hapo. Ilikuwa kali, kila uzi unaonekana, na ukurutu juu yake. Kati ya hizo mbili bibi hakutikisika.

Basi alichukua rangi peke yake kutoka ile yenye ukungu, akailaza juu ya ile kali, akaiacha kali itoe mwanga na kivuli. Jicho halidai ukali kwenye rangi. Linaudai kwenye mistari. Shingoni na mikononi aliizuia rangi isimwagike kwenye ngozi. Kijani na waridi vikaondoka. Tumboni yalibaki mawimbi ya giza na mwanga, na hayo hayakuwa na njia ya mkato. Aliyafuata kwa mkono, hapa akififisha, pale akiongeza, siku mbili, kile kijitambaa kimebandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta, shavu bado linamuuma.

"Siku mbili kwa bibi mmoja!" Chapuchapu alichungulia. "Utachapisha lini?"

"Wewe toa harufu yako mlangoni kwangu."

Bibi alikuja Alhamisi. Alipopewa picha mpya, hakutazama uso wake. Alipeleka kidole kwenye mkono wa kulia wa gauni, karibu na kwapa, kikasimama hapo.

"Limepinduka," alisema.

Chapuchapu akaruka. "Tutalirekebisha, bibi, dakika moja!"

"Koma!" Bibi alikuwa anacheka, machozi yanamshuka. "Alikata mkono huu juu chini. Nikamwambia mwanangu, ua limesimama kichwa chini. Akaniambia, mama, nani atakuchungulia kwapa?" Alijifuta kwa kiganja. "Wajukuu wamepewa vipande vyao. Mimi nimepata chote."

Chapuchapu alijinyoosha shati. "Unaona kazi yetu? Nakala nyingine naitundika mlangoni, watu wajue."

"Ile ya kwanza ndiyo yako, baba," alisema bibi. "Tundika ile."

Nyuzi aliingia ndani, akaitoa ile fremu ya kwanza, ambayo Chapuchapu alikuwa ameificha nyuma ya kabati. Aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaja kumwekea shemeji yake kaunta. Kisha akaenda kunawa.