Siku ya Fundi

Mama Salio, wakala wa pesa za simu, alikuwa mtu wa maneno mengi na subira haba. Mteja akikosea namba ya siri mara mbili, alikuwa ameshaitwa majina yote. Lakini Alhamisi hiyo alikuwa kimya, na ukimya wake ulimtisha hata wifi yake, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuja na kompyuta yake kumsaidia.

Kampuni ya simu ilikuwa imeandika: laini yake ya uwakala ina miamala isiyo ya kawaida. Asipotoa maelezo kufikia kesho, inafungwa. Laini ikifungwa, kibanda kinabaki mbao na rangi.

"Mimi mwizi, wifi? Mimi?"

"Hajakuita mtu mwizi. Tulia tuangalie."

Taarifa ya miezi mitatu ilikuwa na safu za tarehe, saa, kiasi na namba za simu, bila majina. Wifi alianza kwa kutenganisha pesa zilizowekwa na zilizotolewa, maana kuweka humaliza salio la wakala na kutoa humaliza noti za kwenye droo. Kisha akajumlisha kila siku ya wiki na kugawa kwa idadi ya siku hizo.

Jumatatu, wenye maduka waliweka mauzo yao. Jumamosi watu walitoa. Lakini iliyoongoza kwa yote mawili ilikuwa Jumatano.

"Si nilijua!" Mama Salio akachangamka. "Ndiyo maana kila Jumanne nakwenda benki kuiandalia noti. Jumamosi ndiyo naishiwa, nafukuza watu."

Kila Jumatano alikuwa akienda mjini kununua vitambaa na uzi, kwa kuwa mumewe, fundi cherehani, hajui kupunguziwa bei hata akilipwa. Siku hiyo fundi ndiye aliyekuwa akikaa kibandani. Hapo mwanzo mkewe alikuwa akirudi, anatazama hesabu na kucheka mpaka majirani wasikie: "Leo umehudumia nani, nzi?" Baadaye Jumatano zikanona, na kicheko kikaisha.

"Fedha nyingi si watu wengi," wifi alisema. Akahesabu namba tofauti kwa kila siku. Jumamosi zilikuwa zaidi ya arobaini. Jumatano, saba.

"Saba? Pesa zote zile?"

Wifi akapanga miamala kwa namba, kisha kwa saa. Namba moja ilijitokeza ukurasa mzima: inaweka laki, baada ya dakika chache inatoa laki ile ile, inaweka tena, inatoa tena. Makato ya kutoa yalikuwa makubwa kuliko kamisheni ambayo wakala angepata kwa kuweka na kutoa kwa pamoja.

"Huyu anapata hasara kila akizunguka," wifi alisema. "Ni tapeli gani huyu asiyejua kutapeli?"

"Mpigie! Mpigie nimpe vidonge vyake!"

Wifi akapiga. Simu ikaita nyuma ya pazia la kibanda, kwenye cherehani ya fundi.

Fundi akatoka na futi ya kupimia shingoni, ameishika simu ya zamani ya mama yake mzazi, ile aliyowaambia imeharibika.

"Kaka!" wifi akafoka. "Laini ya zamani ya mama?"

"Ningetumia yangu, angeijua," fundi akajibu, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. Akatazama sakafu. "Nilikuwa naweka na kutoa hela zangu za kushona. Nilitaka ukirudi, mke wangu, usinicheke."

Aibu ilimpanda Mama Salio mpaka masikioni. Laki za kuzunguka, makato yaliyomeza jasho la nguo za watu, kampuni mlangoni, na chanzo cha yote ni ulimi wake mwenyewe.

"Tufute namba hii tuone kilichobaki," wifi alisema taratibu.

Jumatano ikaporomoka hadi mkiani. Zikabaki namba sita, vijisenti tu.

"Sita!" fundi akajichekea. "Nitamwambia msimamizi wa kampuni ni mimi. Jumatano mfunge tu."

Lakini wifi alikuwa bado anachambua. Akazitafuta zile sita katika siku nyingine. Jumatatu hazikuwepo. Jumamosi hazikuwepo. Miezi yote mitatu, Jumatano tu.

"Ni akina nani hawa, kaka?"

"Yule babu asiyeona vizuri, namsomea ujumbe. Yule dada wa kufua, huwa anasahau namba ya siri, namsubiri akumbuke. Na wengine wa hivyo hivyo."

Mama Salio aliwajua. Wanapita mbele ya kibanda chake kila siku, wakimsalimia kwa mbali. Alidhani hawana pesa.

Akapiga simu kwa msimamizi, akaeleza yote bila kupamba. Msimamizi akaguna, akatoa onyo kali: kosa jingine moja, laini imekwenda. Kisha akauliza kama isingekuwa nafuu kufunga Jumatano, maana haina wateja.

"Inao sita," Mama Salio akasema. "Wananikimbia mimi. Jumatano haifungwi."