Sifuri ya Kila Ijumaa

Mwalimu Cicily wa Kianjokoma hakuwa mtu wa kukaa chini. Hata chai aliinywa amesimama, jicho dirishani, akihesabu nani kachelewa. Miaka kumi na moja alikuwa amefundisha watoto wasioona katika shule moja mjini Embu, na ukimwuliza kazi yake ni ngumu namna gani, alikwambia, "Ngumu ni kuombaomba. Kufundisha ni raha."

Mwaka huo, 1999, alikuwa akiomba mashine ya breli, ile ya kupiga maandishi ya nukta yasomwayo kwa vidole. Shule ilikuwa na tatu. Mbili zilishakufa vitufe, na ile ya tatu iligombaniwa na watoto tisa. Gatwiri, msichana wa darasa la nane, alikuwa akiandika kwa kibao na kisumari, akitoboa nukta mojamoja, na hata angekuwa na mikono ya malaika asingemaliza mtihani kwa muda ule. Mwalimu mkuu alishasema: mwisho wa Septemba kama hakuna mashine ya pili, Gatwiri arudie darasa mwaka ujao. Msichana alikuwa na miaka kumi na saba. Mwaka mwingine! Baba yake alishaanza kuuliza kwa nini asirudi tu nyumbani.

Kulikuwa na shirika fulani ng'ambo lililokarabati mashine kuukuu na kuzigawa bure. Halikujibu barua za posta. Liliweka idadi ya mashine zilizo tayari kwenye ukurasa wake wa mtandao, na wa kwanza kutuma barua pepe ndiye aliyepewa.

Hapo ndipo alipoingia Kinoti, kijana wa Meru aliyefanya kazi katika ofisi ya maendeleo ya kanisa, penye kompyuta moja na simu moja. Kuingia mtandaoni ilibidi kompyuta ipige simu hadi Nairobi, na bili ya simu ilimpandisha padri presha. Kwa hiyo Kinoti aliandika programu ndogo. Kila asubuhi ilipiga simu, ikauchukua ule ukurasa, ikakata simu. Kisha ilitafuta kwenye jedwali safu ya mashine za breli, ikasoma namba iliyo katika kisanduku cha tatu, ikailinganisha na namba ya jana. Ikitofautiana, ilichapisha ilani. Isipotofautiana, iliandika: hakuna mabadiliko, sifuri.

Na ilifanya kazi, msidhani ilikuwa mchezo. Julai ilitoa ilani ya mashine moja. Wakaandika mbio, wakajibiwa kuwa imeshachukuliwa na wengine. Ikarudi sifuri. Tangu siku hiyo Cicily aliiamini programu ile kuliko saa yake ya mkononi.

Kila Ijumaa alipitia ofisini, akachukua karatasi, akarudi shuleni. Gatwiri alimjua kwa hatua zake.

"Wamesemaje, Mwalimu?"

"Hakuna, mama. Tuvumilie."

Ijumaa sita mfululizo. Msichana hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Cicily zaidi. Afadhali angelia.

Ijumaa ya saba, siku sita kabla ya mwisho wa Septemba, mama yake Gatwiri alifika kutoka Kiritiri. Kaari alikuwa mwanamke mkavu, mfugaji wa mbuzi, mdomo wake haukuwa na breki. Hakwenda shule hata siku moja. Alikuja kumchukua binti yake.

"Mama Gatwiri, twende kwanza ofisini," Cicily alimsihi. "Huenda leo."

Walikuta Kinoti ameshachapisha. Hakuna mabadiliko, sifuri. Cicily akaegemea mlango.

Kaari aliikodolea macho kompyuta. "Hii ndiyo inayoenda kuangalia?"

"Ndiyo, mama," Kinoti akasema.

"Na ikifika ikikuta pamefungwa, inarudi ikisema nini?"

"Simu isiposhika inaniambia."

"Sijauliza simu. Mimi nina mchungaji, nikimtuma zizini anahesabu mbuzi kwenye kona yao. Siku nilipohamisha mbuzi upande wa pili, alikwenda kwenye kona ileile, akaona vumbi, akarudi kuniambia ni kama jana. Mjinga yule! Hii yako ikikosa kona, inasema imekosa, ama inasema ni kama jana?"

Kinoti aliigeukia kompyuta. Akavuta kiti, akaifungua programu yake, akaisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Cicily aliona masikio ya kijana yakibadilika rangi.

"Isipoiona ile safu," akasema polepole, "haipati namba mpya. Inabaki na ya jana. Halafu inalinganisha ya jana na ya jana."

"Na inasema hakuna mabadiliko," Cicily akamalizia.

"Inasema hakuna mabadiliko."

Bili ya padri ikasahaulika. Kinoti alipiga simu Nairobi, akaufungua ukurasa kwa macho yake mwenyewe. Ulishuka kidogokidogo, picha moja baada ya nyingine, mpaka Kaari akauliza kama unakuja kwa miguu. Lakini haukuwa ukurasa ule waliouzoea. Jedwali lilikuwa limeondolewa. Badala yake palikuwa na picha, na chini ya kila picha maelezo ya mistari miwili. Juu waliandika kwamba sura hii mpya ilianza tarehe tisa Agosti.

Chini ya picha ya mashine ya breli paliandikwa: zilizo tayari, mbili.

Cicily alipiga kelele, kelele hasa, padri akatokea kuuliza kama kuna nyoka. Kinoti alikuwa ameshaanza kuandika barua pepe, mbio hata akakosea jina la shule.

Jumatatu jibu lilifika: moja ni yenu. Mwalimu mkuu alilisoma mara mbili, akasema Gatwiri atafanya mtihani, yeye anasubiri mzigo tu. Kaari akarudi Kiritiri peke yake.

Jioni hiyo Cicily alikaa kitandani kwa Gatwiri bwenini. Alikaa, yeye asiyekaa. "Nilikuambia hakuna, wiki sita," akasema. "Haikuwa kweli. Nilikuwa sijui, nikakuambia hakuna. Nisamehe."

Gatwiri alimtafuta mkono, akaushika. "Lakini umekuja kuniambia," akasema.

Kinoti naye aliirekebisha programu. Sasa ikikosa safu ilipaza sauti kwa herufi kubwa: SIJAONA, NENDA UANGALIE. Padri alilipa bili ile akinung'unika, lakini alilipa.

Mashine ilifika Oktoba, nzito ajabu, ikiwa na mkwaruzo ubavuni. Gatwiri aliifanyia mazoezi mpaka vidole vikavimba, Cicily akimkanda kwa maji ya moto na kumgombeza kwa mpigo mmoja.

Asubuhi ya mtihani Kaari alikuwepo. Hakuruhusiwa kusogea darasani, basi akaketi kwenye nyasi ng'ambo ya uwanja, kanga magotini, Cicily amesimama kando yake. Ndani, mashine ilianza kugonga. Ilifika karibu na mwisho wa mstari, ikalia kengele: ting.

"Hiyo ni nini?" Kaari aliuliza.

"Amekaribia kumaliza mstari," Cicily akamwambia. "Kila ikilia, ni mstari mmoja."

Kaari akaiinua mikono yake. Ting. Akakunja kidole kimoja. Ting. Akakunja cha pili. Yule mama ambaye hakuwahi kusoma hata jina lake alikaa pale akimsikiliza binti yake akiandika, na vidole vya mikono yote miwili vilipokwisha, alivikunjua akaanza upya.