Kabla ya 1963

Mtoto wa nyumba kubwa alipigwa kiti cha mbao usoni nikiwa nimeketi karibu naye, na damu yake ikarukia karatasi nilizokuwa nikiwasomea.

Tulikuwa nyumbani kwao Kathonzweni. Familia ilinipa kazi ya kuandika kitabu cha maisha ya marehemu baba yao, fundi wa reli pale Emali aliyeoa wake wawili: wa kwanza ndiye nyumba kubwa, wa pili nyumba ndogo. Wanawe wawili, mmoja wa kila nyumba, walikuwa wazee wa miaka sitini na kitu. Kila mmoja alidai ndiye mtoto wa kwanza wa mzee, maana huyo ndiye angesimamia shamba la Mbooni.

Kuzaliwa kwa mzee mwenyewe niliandika "1930?", kwa sababu kitambulisho kilitaja mwaka huo na dada yake aliukataa. Kuhamia Emali niliandika "baada ya 1950", kwa kuwa mwaka huo bado alikuwa kwenye kwaya ya kanisa la kwao. Hapo hawakubishana.

Kisha nikasoma kuhusu wana. Wa nyumba kubwa: "alizaliwa kabla ya 1963". Picha iliyoandikwa mwaka huo nyuma yake ilimwonyesha amesimama. Wa nyumba ndogo: "c. 1962", yaani takriban mwaka huo, kama mama yake alivyokadiria.

"Umeandika yeye ni kabla!" mtoto wa nyumba ndogo akafoka.

"Kabla ya ile picha, mzee wangu, si kabla yako. Na wewe hiyo c. inaweza kuwa sitini na moja, au sitini na tatu. Sijasema nani mkubwa."

"Weka 1960 kwangu, uondoe hizo alama!"

"Siwezi. Hakuna ushahidi."

Ndugu yake akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoinua kiti. Pigo la kwanza lilipasua nyusi, la pili nililikinga kwa mkono, na nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia uchungu. Vijana wa nyumba kubwa wakaingia na rungu. Wakamburuta mpigaji hadi uani, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatapika. Mama yake, mwanamke aliyekunjika kwa uzee, akajilaza juu yake, na rungu likamfikia begani.

"Niueni mimi!" alipiga kelele. "Mimi ndiye sikujua mwaka!"

Hapo ndipo walipoacha.

Mmoja alipoteza jicho. Mwingine alikaa rumande akikohoa damu. Mama wa nyumba ndogo alikuja kuniona, mkono wake umefungwa kitambaa kama wangu. Nilimwambia naweza kuondoa miaka yote ya wanawe, kitabu kitoke kwa amani.

"Hapana," akasema. "Ukiondoa, kila mtu atajaza wake. Ni kama nilivyokuambia: karibu na hapo. Andika hivyo."

Nikaandika "c. 1962", na "kabla ya 1963". Kitabu kilipotoka, nyumba hizo mbili zilikuja kuchukua nakala zao siku tofauti.